Pombe, Usingizi na Dawa za Kifafa

Watu wengi hudhani kwamba mgonjwa wa kifafa anywaye pombe huwa hatarini akiwa amelewa tu. Kwa kweli, hatari kubwa mara nyingi huja baadaye, pombe inapomwishia mwilini, hasa baina ya saa 6 na saa 48 tangu kinywaji cha mwisho.

Ubongo hutegemea mizani ya kemikali zichocheazo neva na zile zizitulizazo. Uchochezi ukivuka kiwango fulani, kinachoitwa kizingiti, kifafa huanguka. Pombe hutia nguvu upande wa utulizaji, nao ubongo hujirekebisha kwa kusukuma upande wa pili. Pombe ikiondoka, msukumo huo hubaki peke yake, mfano wa mtu aliyekuwa akisukuma mlango ukafunguliwa ghafla. Kizingiti hushuka.

Natuchukue mfano wa mgonjwa aliyezoea kumeza kabamazepini, miligramu 200 asubuhi na 200 jioni. Jumamosi anameza kidonge saa 1 asubuhi. Jioni yuko arusini, naye anakunywa chupa sita za bia za nusu lita. Kwa kuogopa kuchanganya dawa na pombe, anaacha kidonge cha jioni. Analala usiku wa manane na kuamka adhuhuri; kidonge cha asubuhi nacho kimempita.

Kila chupa ya bia yenye pombe asilimia 5 ina gramu 20 hivi za pombe, na ini huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kwa hiyo gramu zake 120 huisha Jumapili kabla ya alasiri. Kabamazepini nayo, kwa aliyeizoea, hupungua nusu kila baada ya saa 12 hadi 17. Ifikapo Jumapili saa 1 jioni, damuni imebaki baina ya robo na thumuni ya kiasi cha awali.

Usingizi nao haukumsaidia. Pombe humlaza mtu upesi, lakini huuvunjavunja usingizi wake nusu ya pili ya usiku, na uchovu wa kukosa usingizi hushusha kizingiti kwa nafsi yake. Hivyo mambo matatu yamekutana jioni moja, naye anaanguka hali hana tone la pombe mwilini.

Mgonjwa huyo angalikosea kidogo zaidi kama angalikunywa na kumeza kidonge chake, ingawa kusinzia kungalizidi. Mwenye kutumia fenobabitoni ndiye hasa apaswaye kuepuka pombe, kwani viwili hivyo pamoja huweza kudhoofisha pumzi. Naye anywaye sana kila siku asiache ghafla bila daktari, maana kuacha huko pia huleta kifafa. Kifafa kikipita dakika 5, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.