Kitambue Kiduha Kabla Hakijachanua

Katika mashamba yanayolizunguka Ziwa Viktoria, kuanzia Busia na Siaya hadi Mara na Mwanza, mkulima akiona maua ya waridi yamejipanga kwenye mashina ya mahindi hahitaji kuambiwa ni nini. Wajaluo huyaita kayongo, na kwa Kiswahili ni kiduha. Tatizo ni kwamba maua hayo ni dalili ya mwisho. Yanapoonekana, sehemu kubwa ya madhara imeshafanyika chini ya ardhi.

Mbegu ya kiduha ni ndogo kama punje ya ugoro, na inaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 bila kuota. Huamka pale tu inapopata unyevu wa siku kadhaa, kisha ikakutana na kemikali inayotolewa na mzizi wa nafaka ulio karibu nayo. Mche wake hujibandika kwenye mzizi huo, hupenya ndani na kuanza kunyonya maji na chakula. Kwa majuma kadhaa huishi gizani, ukitegemea mahindi, mtama au wimbi kwa kila kitu.

Tuseme umepanda mahindi katikati ya Machi. Kufikia mwisho wa Aprili unaona sehemu moja ya shamba imedumaa. Majani yananyauka mchana ingawa udongo una unyevu, na yana mabaka ya manjano, mengine yakikauka kama yaliyoungua. Ukame ungegusa eneo pana zaidi, na ungeukuta udongo mkavu. Upungufu wa naitrojeni nao huanzia kwenye majani ya chini: umanjano hutoka nchani na kufuata mshipa wa kati. Kiduha hushambulia kwa viraka, kwa sababu mbegu zake hudondoka palepale mmea mama uliposimama.

Ili kuwa na uhakika, chagua shina moja lililodumaa na ulichimbue pamoja na bonge la udongo. Usilivute, maana viduha vichanga hukatika na kubaki ardhini. Loweka bonge hilo kwenye ndoo hadi udongo uachie wenyewe, kisha chunguza mizizi. Kama ni kiduha, utaona vichipukizi vyeupe, laini, vilivyonata kwenye mizizi ya mahindi.

Kufikia mwanzo wa Mei viduha vinatokeza juu, karibu na shina. Hapo wengi hukosea, kwa kuwa bado havina ua na hudhaniwa ni magugu ya kawaida. Shika shina lake: lina pembe nne na vinywele vinavyokwaruza. Majani ni membamba, yamechongoka, na aghalabu hukaa mawilimawili yakielekeana. Baada ya hapo hutokea maua ya waridi, yakifunguka kuanzia chini ya kikonyo kwenda juu, kila moja likiwa na mrija mwembamba uliopinda. Kwingineko, hasa maeneo ya pwani na kusini mwa Tanzania, yupo ndugu yake mfupi zaidi mwenye maua mekundu.

Wakati huo palizi la pili huwa limeshapita na watu wameacha kuingia shambani. Ndiyo nafasi ambayo kiduha huitumia kukomaza mbegu, na mmea mmoja huweza kutoa makumi ya maelfu. Kwa hiyo rudi shambani kila baada ya wiki moja au mbili na ung'oe kwa mkono vyote vinavyojitokeza kabla havijachanua. Vilivyokwisha kuchanua visiachwe shambani wala kutupwa kwenye mboji, kwa sababu mbegu zinaweza kuendelea kukomaa hata baada ya mmea kung'olewa. Vichome moto.

Kung'oa hakutayaokoa sana mahindi ya msimu huu. Kunapunguza mbegu zitakazokungoja misimu ijayo. Kuzimaliza zilizomo ardhini kunahitaji mmea unaoziamsha bila kuzilisha. Soya hufanya hivyo zikizungushwa na mahindi, ingawa aina zake hazilingani nguvu. Desmodiamu, jamii ya kunde inayotambaa, ikipandwa katikati ya mistari ya mahindi huamsha mbegu na kuzizuia kushika mizizi. Mbinu hiyo ilistawishwa na watafiti wa kituo cha ICIPE kule Mbita, kando ya ziwa, na mmea huo pia ni lishe ya ng'ombe. Samadi nayo husaidia, kwa kuwa kiduha hushamiri zaidi kwenye udongo uliochoka.

Viraka ulivyoviona Aprili viwekee vijiti, ili msimu ujao ujue mahali pa kuanzia kupanda desmodiamu na kumwaga samadi. Hata kama mazao ya mwaka huu yameshaumia, alama hizo zitakuonyesha mbegu zimelala wapi.