Muvi za Njiani Bila Bando: Kwa Nini Skrini ya Nyuma Hugoma

Kila Desemba barabara ya Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa familia zinazokwenda kula sikukuu nyumbani. Safari yenyewe ni zaidi ya kilomita 500, na kwa kuwa kila kijiji kina kibao cha mwendo wa 50, watoto hukaa kiti cha nyuma karibu kutwa nzima. Kati ya Chalinze na Same kuna vipande ambako mtandao hupotea kabisa, kwa hiyo wazazi wengi hupakua muvi mapema. Gari nalo, iwe Noah, Voxy au Alphard, mara nyingi limetoka Japani likiwa na skrini ya kushusha darini. Kila kitu kipo, lakini wakifika Segera skrini ni nyeusi na watoto wameanza kuuliza tunafika lini.

Aghalabu skrini haina kosa lolote. Tatizo ni kwamba muvi zilizopakuliwa ziko za aina mbili, na kila aina ina njia yake ya kuonyeshwa garini.

Aina ya kwanza ni muvi iliyopakuliwa ndani ya programu kama Netflix au YouTube Premium. Hiyo imefungwa kwa kufuli la kidijitali na hufunguliwa na programu ileile, kwenye kifaa kilekile kilichoipakua. Huwezi kuihamishia kwenye flashi ukaichomeka kwenye redio ya gari. Tena ina muda wake. Netflix ina muvi ambazo huisha saa 48 tangu ulipobonyeza kuanza kuziangalia, na zile zilizobakiza chini ya siku 7 huandikwa muda uliobaki kwenye orodha ya ulizopakua. YouTube Premium nayo hutaka kifaa kiingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30. Kwa hiyo mtoto akionjeshwa nusu ya katuni Jumatano, Jumamosi njiani huenda ikagoma.

Wengi hufikiri watatoa picha kwa waya kutoka kwenye simu hadi skrini ya darini. Hapo kuna vikwazo viwili. Simu nyingi za bei ya kawaida hazitoi picha kabisa kupitia tundu la chaji, hata waya uwe mzuri namna gani, kwa hiyo ukinunua waya huo Kariakoo ujaribu hapohapo dukani kwa simu yako mwenyewe. Cha pili ni lile kufuli: likikuta kwenye njia kifaa kisichotambuliwa, hasa vile vigeuzi vya kwenda kwenye waya za njano, nyeupe na nyekundu, sauti inaweza kutoka huku picha ikibaki nyeusi. Redio za Android za bei nafuu nazo mara nyingi hazina idhini ya Netflix, na programu inaweza kukataa kufunguka. Ndiyo maana muvi za programu ni rahisi zaidi kuziangalia kwenye tableti yenyewe, ikiwa imefungwa nyuma ya kiti cha mbele kwa kishikio kinachokaza kwenye nguzo mbili za egemeo la kichwa. Kishikio kiwe imara, maana tableti iliyolegea hugeuka jiwe la kumpiga mtoto dereva akifunga breki ghafla.

Aina ya pili ni faili huru: video za harusi na za watoto mlizorekodi wenyewe, katuni au mafundisho ambayo wenyewe wameruhusu yapakuliwe kama faili, na muvi zilizouzwa bila kufuli. Hizi ndizo zinazoifaa skrini ya darini, kwa sababu zinakaa kwenye flashi na haziulizi mtandao wala tarehe. Ila nazo zina masharti.

Chukua mfano wa Noah ambayo fundi ameifunga redio ya Android, akavuta waya wa picha kutoka nyuma ya redio hadi skrini ya darini. Familia ina katuni ya saa moja na dakika 40, faili la GB 5, na flashi mpya ya GB 64. Wakichomeka, redio inasema haioni kitu. Flashi za ukubwa huo kwa kawaida hutoka dukani zikiwa na mpangilio wa exFAT, na redio nyingi zinasoma FAT32 tu. Wanachukua flashi ya GB 32, ambayo kwa kawaida huja na FAT32, lakini sasa kompyuta inakataa kunakili: FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, hata flashi ikiwa tupu.

Dawa ya yote ni kulipunguza faili. Programu ya bure ya HandBrake hufanya kazi hiyo kwenye kompyuta: unafungua faili, unachagua `Fast 720p30`, unabonyeza `Start`, unaiacha ifanye kazi usiku. Kinachotoka ni faili la MP4 lenye picha ya H.264 na sauti ya AAC, kwa katuni hii yapata GB 1. Usihofu kwamba picha itaharibika. Skrini nyingi za darini za magari hayo zina nukta 800 kwa 480, kwa hiyo hata 720p ni zaidi ya zinavyoweza kuonyesha. Kwa ukubwa huo, flashi ya GB 32 inabeba muvi karibu 30.

Dalili zenyewe hukwambia kosa liko wapi. Ukisikia sauti bila picha, mara nyingi faili ni la H.265, ambalo redio za zamani haziwezi kulifungua. Ukiona picha bila sauti, huenda sauti ni ya DTS au AC3. Yote mawili HandBrake huyaponya kwa mpangilio uleule. Lakini kama gari bado lina redio yake ya Kijapani, angalia kwanza kama tundu lake la USB linacheza video, kwani nyingi husoma muziki tu. Deki yake ya DVD nayo ni ya kanda 2, wakati diski halali zinazouzwa kwa soko letu ni za kanda 5, na zitakataliwa. Televisheni yake hunasa mawimbi ya mfumo wa Japani, si wa king'amuzi chetu, hivyo usipoteze hela kuitengeneza.

Jaribio la kweli hufanyika siku moja kabla ya safari, gari likiwa limeegeshwa. Washa hali ya ndegeni kwenye tableti, zima Wi-Fi, kisha cheza kila muvi ya programu kwa sekunde chache, isipokuwa zile za saa 48, ambazo utatazama tu kama bado zina muda. Chomeka flashi kwenye redio, ruka hadi katikati ya kila faili, usikilize sauti nyuma. Chaji tableti huku ikicheza kwa nusu saa. Asilimia zikishuka, tundu la USB la gari linatoa umeme mdogo, na utahitaji chaja ya tundu la kiberiti yenye ampea 2 au zaidi.

Muvi tatu zinatosha safari ya Moshi. Mtoto anayeinamia tableti mapajani hupata kichefuchefu upesi, hasa kwenye kona, kwa sababu macho yanaona kitu kilichotulia huku mwili unahisi mwendo. Skrini ya darini au ya nyuma ya kiti inamfaa zaidi kwa kuwa inamwinua kichwa. Akianza kupauka na kupiga miayo, zima muvi, mwelekeze aangalie mbali barabarani, na muvi iliyobaki mwekee siku ya kurudi.