Jua la Rau halitoshi kunyoosha mguu

Mlaze mtoto chali, mnyooshe miguu, kutanisha vifundo vya miguu mpaka vigusane, kisha angalia nafasi iliyobaki kati ya magoti. Kipimo hiki hakihitaji mashine wala hela. Ikizidi sentimita 6, yaani karibu vidole vinne vya mtu mzima, na mtoto ameshatimiza miaka miwili, hayo si matege ya kungojea yaishe yenyewe.

Umri nautaja kwa makusudi. Karibu kila mtoto huzaliwa na miguu iliyopinda kidogo kwa nje, na hukaa hivyo mpaka kwenye miezi 18 au 24. Baada ya hapo hugeuka, magoti yakaanza kugongana, hali inayoonekana zaidi akiwa na miaka mitatu au minne, na kufikia miaka saba miguu imetulia. Mama wa mtoto wa mwaka mmoja anayetembea kwa matege mara nyingi namrudisha nyumbani akiwa na amani.

Sasa nimlete mtoto wa mfano, niliyemkusanya kutoka kwa watoto wengi wa aina yake. Ni mvulana wa Rau, ana miaka 2 na miezi 8, na kati ya magoti yake pana sentimita 9. Vifundo vya mikono yake vimevimba kama amevaa bangili chini ya ngozi. Ukipitisha kidole mbavuni unakutana na vinundu vimejipanga kama shanga. Alichelewa kutembea, na siku hizi akitembezwa kidogo tu anataka kubebwa.

"Tulimsimamisha mapema, daktari," bibi yake anasema. "Nilimwambia mama yake asinisikie."

"Hapana, bibi. Mfupa mgumu haupindi kwa kusimama. Huu ulikuwa laini kabla hajasimama. Ni riketsi."

Mama mtu anauliza swali zuri zaidi: "Mbona jua tunamwotesha kila asubuhi?"

Tuko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta. Hata miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, mawingu yanapoufunika mlima kutwa nzima, ngozi ya mtoto anayecheza nje hupata mionzi ya kutengenezea vitamini D. Watafiti waliowapima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, wakachapisha matokeo mwaka 2012, waliwakuta na vitamini D nyingi, wastani wa nanomoli 115 kwa lita ya damu, bila kidonge wala sindano. Jua wanaolikosa huku kwetu ni watoto wachanga wanaofunikwa gubigubi na kuwekwa ndani, au wanaofungiwa chumbani na dada wa kazi mpaka jioni. Huyu wetu anacheza uani tangu asubuhi. Upungufu wake uko kwenye sahani.

Nikamuuliza mama mtoto anakula nini. Uji wa mahindi asubuhi, ndizi mchana, ugali na mchicha jioni. Banda la ng'ombe lipo nyuma ya nyumba, na ng'ombe anakamuliwa, lakini maziwa yanauzwa. Mtoto anapata yale ya kugeuza rangi ya chai. Alipokuwa ananyonya alikuwa salama kwa upande wa kalsiamu. Alipoachishwa, chakula kilichochukua nafasi ya ziwa hakikuwa nayo. Ndizi na mahindi vina kalsiamu kidogo mno. Mchicha unayo, ila una pia asidi inayoikamata isifyonzwe tumboni. Nikijumlisha siku nzima, sifiki miligramu 200. Chini ya 300 ndipo hatari inapoanza kupanda, na ukivuka 500 unaweza kupumua.

Hapa ndipo wengi, wakiwemo wahudumu wa afya, wanapokosea: wanaandika vitamini D peke yake. Huko Jos, Nigeria, kwenye jua kama letu, watoto wenye riketsi waligawanywa makundi, na matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Waliopewa kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D tu. Tena kalsiamu ikipungua, mwili huitumia vitamini D haraka zaidi, kwa hiyo hata aliyeanza na akiba nzuri huweza kuishiwa.

Mtoto huyu pia ni mfupi kwa umri wake, na ili kuelewa kwa nini, inabidi tuingie gotini. Karibu na ncha za mfupa mrefu wa mtoto kuna tabaka jembamba la gegedu, ambamo seli hujipanga kama sahani zilizopandanishwa. Za upande mmoja huzaliwa, za upande wa pili huzeeka, hufa, na nafasi yao hujazwa mfupa mgumu. Ndivyo mguu unavyorefuka, na karibu theluthi mbili za urefu huo hutoka kwenye matabaka yanayozunguka goti. Kalsiamu ikipungua, homoni ya kuinyanyua huamka na kuikwangua mifupani, na wakati huohuo huiruhusu fosforasi imwagike kwenye mkojo. Bila fosforasi seli kuukuu hazifi kwa wakati. Sahani zinazidi kupandana, tabaka linanenepa, nalo ni laini. Mtoto analiegemea kwa uzito wake wote, na mguu unapinda.

Mvulana wetu ana sentimita 84. Mtoto wa kati wa umri na jinsia yake ana kama 93. Wazazi hudhani kwamba zile tisa zimefichwa kwenye upinde, na miguu ikinyooka zitarudi. Tuhesabu. Kutoka nyonga hadi kifundo mfupa wake una kama sentimita 35, na paja na muundi vimeinama nyuzi 15 kila kimoja. Upinde huo unamnyima sentimita 1 na kidogo tu. Zilizobaki hazikufichwa popote, hazikuwahi kukua. Na si zote za kuisingizia riketsi, maana mlo uliokosa maziwa kwa kawaida umekosa pia protini na zinki.

Kabla ya dawa anapigwa eksirei ya magoti na vifundo vya mikono. Ncha za mifupa zinaonekana zimepanuka na kuchanikachanika kama brashi iliyochakaa. Damu inapimwa kimeng'enya cha mifupa, ambacho hupanda sana. Mguu mmoja ukipinda na mwingine umenyooka, tunafikiria ugonjwa mwingine kabisa.

Na kuna mwigaji wa jirani. Upande wa Hai na Meru maji ya baadhi ya visima yana floraidi nyingi, na watoto hupata matege kwa sababu hiyo; Tindigani, kusini-magharibi mwa Hai, imechunguzwa na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Magadi ya kulainishia maharage nayo yanaweza kuwa na floraidi. Kwa hiyo nauliza familia ilihamia kutoka wapi, naangalia kama meno ya kaka zake yana madoa ya kahawia, na nauliza kuhusu magadi hata kama maji ya bomba ni mazuri.

Tiba ya mvulana ni vitamini D yuniti 3,000 hadi 6,000 kila siku kwa wiki zisizopungua 12, pamoja na kalsiamu miligramu 500 kwa siku. Eksirei huanza kuonyesha mstari mpya mweupe ndani ya wiki chache. Nyumbani, kikombe kimoja cha maziwa kina kama miligramu 300, na kijiko kikubwa kilichojaa unga wa dagaa waliosagwa na mifupa yao kinakaribia hapo. Ulezi nao una kalsiamu nyingi, ila pia una kizuizi kinachopungua ukiloweshwa au ukimeshwa. Wapika mbege huumesha ulezi wao kila mara, wakati ulezi wa uji wa mtoto unakwenda mashineni mkavu.

Upasuaji tunausubiri. Ukikata mfupa ambao bado ni laini, utapinda tena. Kwa umri huu miguu mingi hujinyoosha yenyewe mwaka hadi miaka miwili baada ya tiba. Iliyobaki huwekewa kibati kidogo kinachozuia upande mmoja wa tabaka ili mwingine uufikie, na hilo lawezekana tu tabaka likiwa bado wazi. Kwa wasichana hufunga kwenye miaka 14 au 15, kwa wavulana 16 au 17. Anayeletwa baada ya hapo anaweza kukatwa mfupa ukanyooshwa, lakini urefu aliofikia ndio wake. Msichana anaweza pia kuwa na nyonga iliyobanwa, itakayomsumbua siku ya kujifungua.

Mvulana wetu, mwaka mmoja baadaye, anapimwa sentimita 94. Mwenzake wa kati yuko kwenye 101. Pengo la tisa limekuwa saba, magoti yanapitisha vidole viwili, na bibi anataka kujua kama sasa maziwa yanaweza kurudi sokoni.

"Nusu lita ibaki, bibi. Mpaka aanze kuota ndevu."