Mzigo wa Krismasi Usidode

Kwa muuza nguo wa jumla pale Kariakoo, Krismasi huisha kabla ya Desemba 25. Wateja wake wakubwa ni wenye maduka mikoani, na wao hufunga mzigo mapema ili nguo ziwe zimetundikwa sikukuu ikikaribia. Msimu wake ni Novemba na siku za mwanzo za Desemba. Magauni yakitoka bandarini Desemba 18, ujue yameshadoda.

Swali gumu ni kiasi cha kuagiza. Tuchukue magauni ya watoto, yale ya neti yanayometameta. Tuseme moja limefika dukani kwa shilingi 9,000, nauli na ushuru vikiwa ndani, na unaliuza 12,000. Likivuka hadi Januari, wazazi wameshahamia kwenye sare na madaftari, nawe utalitoa kwa 6,000. Likiuzwa unapata 3,000, likibaki unapoteza 3,000. Hapo usizidishe kiwango cha msimu wa kawaida, yaani kile ambacho daftari lako linaonyesha ulikivuka nusu ya misimu na nusu nyingine hukukifikia.

Jinzi za watoto ni habari nyingine. Zikibaki utaziuza hata Februari, pengine kwa hasara ya 1,000 tu kila moja. Kama faida yake nayo ni 3,000, unaweza kuagiza hadi kiwango unachokifikia msimu mmoja katika minne. Nasikitika kuona wengi wakifanya kinyume: wanajaza magauni kwanza, jinzi wanachomekea nafasi ikibaki.

Hata hicho kiasi usikiagize chote kwa mkupuo. Mzigo wa meli kutoka Guangzhou huweza kuchukua zaidi ya mwezi, bado kuutoa bandarini, kwa hiyo oda iende Septemba. Hesabu ikikupa dazeni 100 za magauni, agiza 70, fedha ya zile 30 ikae mkononi. Mzigo ukifika, wiki ya kwanza hesabu mauzo kwa saizi na rangi. Ukitazama jumla pekee utadanganyika: dazeni 20 zimetoka, kumbe zote ni za miaka 4 hadi 6, na za miaka 10 hazijaguswa. Zile zinazokimbia ziongeze kwa ndege. Nauli ikiongeza 1,500 kwa gauni, faida inabaki nusu, lakini unanunua kitu ambacho umeshaona wateja wakikigombania.

Zile za miaka 10 zishushe bei Desemba 5, usingoje mkesha. Wa mikoani bado yupo mjini na ana muda wa kuziuza kwake. Ukimpa kwa 8,000 umepoteza 1,000 badala ya 3,000, na fedha inarudi wakati wa kuagiza mashati meupe na sketi za shule.