Vipele vyeupe visivyokamulika

Ukikipapasa kwa ncha ya kidole, unahisi kitu kigumu kama chenga ya mchele chini ya ngozi. Hakiumi wala hakiwashi. Hiyo ni milia, na mara nyingi hukaa chini ya jicho au kwenye kope.

Ndani yake hamna usaha wala mafuta. Kuna keratini, ile protini ya kucha na nywele. Seli za ngozi zilizokufa, badala ya kupukutika, zimenaswa chini ya ngozi na kujikusanya katika kifuko kidogo kisicho na mlango.

Ndiyo maana dawa ya chunusi haifui dafu. Benzoili peroksaidi huua bakteria, na hapa hakuna wa kuuawa; karibu na jicho itakuunguza tu. Kukamua nako ni kujitia kovu bure.

Kwa watoto wachanga huondoka yenyewe baada ya wiki chache. Kwa mtu mzima huweza kukaa miezi. Daktari wa ngozi hutoboa tundu dogo kwa sindano safi, akabinya kidogo, na punje nyeupe ikatoka nzima.

Kama unapaka krimu zenye steroidi, zikiwemo baadhi ya zile za kujichubua, mwambie: nazo huweza kuzileta.