Pointi 2 za Ziada Zimetoka Wapi?

Mfuko wa uwekezaji umepata asilimia 11.2 kwa mwaka, na kigezo unachopimwa nacho kimepata 9.2. Meneja ameshinda kwa pointi 2, na kwenye ripoti yake atasema ni kipaji cha kuchagua hisa. Huenda ni kweli, lakini si lazima tumwamini kwa maneno. Mwaka 1985 Gary Brinson na Nimrod Fachler walichapisha hesabu ya kuzichambua pointi hizo.

Tuchukue mfuko wa kubuni. Kigezo chake kimeweka asilimia 40 kwenye hisa na 60 kwenye hatifungani. Hisa za kigezo zilitoa faida ya asilimia 5, hatifungani 12. Meneja aliziogopa hisa, akaweka 20 tu, na 80 akazipeleka kwenye hatifungani. Hisa chache alizoteua zikampa 10, hatifungani zake 11.5.

Kwanza tunapima mgawanyo, yaani kana kwamba ndani ya kila kundi alipata sawasawa na kigezo. Kwenye hisa alipunguza pointi 20, nazo zilikuwa nyuma ya kigezo kizima kwa 4.2 (5 kutoa 9.2). Kukwepa kundi lililo nyuma ni faida: 0.84. Hatifungani alizoongeza zilikuwa mbele kwa 2.8, zikaleta 0.56. Jumla 1.40. Hapo ndipo mchango wa Brinson na Fachler ulipo. Ukiangalia tu kwamba hisa zilipanda, utamlaumu kwa kuzipunguza, ilhali fedha alizozitoa huko zilipata zaidi kwingine.

Linabaki swali la uteuzi, na hapa ndipo ripoti mbili za mfuko uleule zinapogombana. Hisa zake zilizishinda za kigezo kwa pointi 5. Tuzipime kwa uzito upi? Ukitumia ule wa kigezo, asilimia 40, hisa zinaleta 2.0, hatifungani zinapoteza 0.3, na uteuzi unasimama kwenye 1.7. Ukitumia uzito wake halisi, hisa zinaleta 1.0, hatifungani zinapoteza 0.4, na uteuzi unashuka hadi 0.6.

Tofauti ya 1.1 ni athari ya mwingiliano: aliteua hisa vizuri mno, kisha akaziwekea fedha kidogo. Ukichukua 1.40 na 1.7, lazima utoe 1.1 ili ufike kwenye 2. Meneja anayetaka kung'ara ataiandika 1.7 kwa herufi kubwa na kuuzika mwingiliano kwenye mstari wa mwisho chini ya jina la "mengineyo". Mimi napendelea 0.6, kwa sababu mwenye mfuko hakulipwa kwa hisa ambazo meneja hakuzinunua.

Kuna hali moja ambapo 1.7 ina haki yake: mgawanyo ukiamuliwa na kamati, na mteuzi wa hisa akapewa fungu asilolipanga yeye.