Ufunguo Mrefu Haufichi Urefu

"Mwalimu, VPN yangu ina ufunguo wa biti 256. Nikibana data kabla ya kuisimba, si naokoa mega na siri inabaki siri?"

Swali hili limenifuata Butembo mara nyingi mno. Safari hii limeletwa na fundi kijana wa Kasugho, ambaye ofisi yake inalipia setilaiti kwa mega. Uchungu wa mega naujua. Lakini jibu ni hapana, na nimechoka kulirudia kwa mtu mmojammoja.

Kusimba huficha maneno, hakufichi wingi wake. Kwa kawaida wingi huo hausemi mengi. Kubana ndiko kunakoupa mdomo. Mfanyabiashara akijaza daftari, bidhaa iliyokwisha kuandikwa haiandiki tena, anaweka alama ya "kama juu". Sasa mruhusu mtu baki aongeze neno moja katika ukurasa, kisha ukurasa utiwe kwenye bahasha na yeye aipime tu. Akiandika "chumvi" bahasha ina uzito huu. Akiandika "sukari" inakuwa nyepesi kidogo. Basi, ameshajua kuna sukari ndani, na bahasha hakuigusa.

Tuseme ofisi ina mfumo wake wa ndani unaotumia HTTP tupu, "kwa sababu VPN inalinda". Katibu akiingia, seva inampa kuki ya kikao, na tangu hapo kivinjari kinaiambatanisha chenyewe katika kila ombi linalokwenda kwa seva hiyo. Kwenye dirisha jingine katibu anafungua ukurasa wa watu asiowajua. Ukurasa huo unakiagiza kivinjari chake kifungue anwani ya ofisi, na ndani ya anwani umetiwa ubashiri:

```
GET /?sid=a HTTP/1.1
Host: ofisi.local
Cookie: sid=7f3c...
```

Ubashiri na siri vimo katika pakiti moja, vinabanwa pamoja. Kwa `sid=a`, kibanaji kinakuta marudio ya herufi nne, `sid=`, na 7 inabidi iandikwe. Mdukuzi akijaribu `sid=7`, marudio yanakuwa ya herufi tano, na pakiti mara nyingi inapungua baiti moja. Mwenzake anayesikiliza Wi-Fi haoni neno hata moja; anaona majaribio 15 yenye urefu uleule na moja lililo fupi. Herufi ya kwanza imepatikana. Kisha anajaribu `sid=70`, `sid=71`, mpaka afike `sid=7f`.

Kuki ya herufi 32, kila moja ikiwa na nafasi 16, ilipaswa kukisiwa yote kwa mkupuo, idadi yenye tarakimu 39. Kwa njia hii majaribio hayazidi 512; hata ukiyarudia mara kadhaa ili kuwa na hakika, bado ni machache.

Sasa huo ufunguo wa biti 256 unaotajwa kama dawa ya kila ugonjwa. Mdukuzi hapa hakuvunja ufunguo, hata hakuutafuta. Uwe wa biti 128 au 2000, urefu wa pakiti ni uleule. Tena AES-256-GCM, inayosifiwa sana, inatoa urefu wa data iliyobanwa baiti kwa baiti, ikiongeza kiasi kisichobadilika. Ndiyo mizani safi kuliko zote! Mwingine ataniambia atatia baiti za nasibu ili kuvuruga kipimo. Mdukuzi atarudia kila ubashiri mara nyingi na kuchukua wastani, na vurugu itajifuta yenyewe.

Wala si jambo jipya. John Kelsey alilieleza mwaka 2002. Mwaka 2012 Juliano Rizzo na Thai Duong walionesha jinsi ya kuiba kuki za HTTPS kwa njia hii, wakaiita CRIME. Vivinjari vikaacha kubana ndani ya TLS, na TLS 1.3 ya mwaka 2018 ikaondoa kabisa uwezo huo. BREACH ya mwaka 2013 ilihamia kwenye majibu ya seva yaliyobanwa kwa gzip. Mwaka 2018 Ahamed Nafeez alionesha VORACLE, dhidi ya OpenVPN inayobana: yaani swali lako, fundi, lina jibu tangu zamani.

La kufanya ni fupi. Ondoa `comp-lzo` au `compress` pande zote mbili, na kwenye seva ya OpenVPN 2.5 au mpya zaidi andika:

```
allow-compression no
```

Mfumo wa ndani uweke HTTPS. Kuki ipe `SameSite=Strict`. Ukurasa wenye siri na unaorudisha maneno ya mgeni, uzimie gzip. Picha na faili za wazi bana upendavyo.

Na mega je? Tovuti nyingi leo zinakuja kwa HTTPS, zimeshasimbwa kabla ya kuifikia VPN, na kilichosimbwa hakibaniki. Kinachobaki kubanwa kwa faida ni hasa ile HTTP tupu, na ndimo kuki ya katibu ilimo.